Wengi ni Wangapi?

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Wiki mbili zilizopita alinitumia picha ya insha yake ya historia, imesahihishwa, na ujumbe mmoja tu: "Sister, hii nimekosea wapi?" Niliiangalia kwenye matatu, simu ikitetemeka mkononi, na nikashuka stage moja mbele ya yangu kwa hasira. Hii hapa aya yenyewe, kama alivyoiandika:

"Mwaka 1959 wafungwa wa kambi ya Hola walitolewa kwenda kufanya kazi, wakakataa. Askari wanawapiga kwa marungu. Watu wengi wamekufa. Baadaye serikali ilisema mambo mengi ya uongo."

Mwalimu alikuwa amezungushia "wakakataa" duara jekundu: wakati umebadilika. Kwenye "watu wengi wamekufa" kulikuwa na tiki. Tiki! Yaani neno lililo sawa limepigwa duara, na sentensi iliyooza ikapewa maksi. Mwalimu huyo simtaji, na sidhani yuko peke yake. Nina ugomvi na usahihishaji wa aina hii, ule wa "andika wakati mmoja mpaka mwisho," uliotolewa kwenye somo la lugha nyingine ukaletwa kwetu bila kuuliza Kiswahili kinafanyaje kazi.

Tuanze na -ka-. "Walitolewa, wakakataa" si kuteleza. -ka- haina wakati wake. Inaazima wakati wa kitenzi kilichoitangulia na kusema tu kwamba hili lilifuata lile. Bibi yako akikuhadithia, -li- moja ya mwanzo hubeba -ka- kumi na hakuna anayepotea. Ukizigeuza zote kuwa -li- unabaki na orodha ya matukio yasiyojua lipi lilitangulia.

Kuteleza kwenyewe kunaanza na "wanawapiga." Tuko 1959, ghafla askari wanapiga sasa hivi. Najua kijana ametoa wapi hiyo: ndivyo tunavyosimulia mtaani, "nikamwambia, yeye ananiangalia tu." Kwa mdomo inanoga. Kwenye insha ya historia, msomaji anabaki kujiuliza kama kipigo kilikuwa tukio la siku ile au mtindo wa kambi. Angeandika "hupigwa" ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu hu- hufanya tukio kuwa mazoea, na mazoea hayana tarehe wala mtu wa kuulizwa. Kisha "wamekufa." -me- inasema jambo limetimia na hali yake bado iko mbele yetu, kama habari ya leo asubuhi. Wale watu walikufa tarehe 3 Machi 1959. Walikufa, basi.

Lakini usichukue kalamu ukaua kila -na- unayoiona. "Hola iko kaunti ya Tana River" ni sawa, kwa maana haijahama. Hati iliyoko mbele yako pia inaweza "kusema" leo. Swali la kuuliza kila kitenzi ni moja: hili liliisha, au linaendelea? Mimi nilipiga mstari chini ya vitenzi peke yake, nikavisoma vitenzi tu bila maneno mengine. Walitolewa, wakakataa, wanawapiga, wamekufa, ilisema. Ukisoma hivyo, kosa linakurukia lenyewe.

Sasa "wengi." Hapa ndipo nilipokasirika zaidi.

Waliouawa Hola walikuwa 11. Kumi na moja, hesabu inayojulikana miaka yote hii. "Wengi" inaweza kuwa watano au elfu tano, na kwa sababu inaweza kuwa chochote, haimdai msomaji chochote. Na "mambo mengi ya uongo"? Mambo gani? Serikali ya kikoloni haikusema mambo mengi. Taarifa yake ya kwanza ilisema kitu kimoja mahususi: kwamba vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka gari la kubebea maji.

Isome tena polepole. Haikusema maji yaliwaua. Ilisema walikufa baada ya kunywa. Ilipanga matukio mawili kwa zamu, ikaruka la katikati, yaani kipigo, ikamwachia msomaji aunganishe maji na kifo mwenyewe. Uongo huo umejengwa kwa mfuatano wa wakati. Sasa mtoto asiyefundishwa kutofautisha "walikufa baada ya kunywa" na "walikuwa wamepigwa kabla ya kunywa" atawezaje kuukamata? Na akishaufunika kwa "mambo," amewasaidia waandishi wa ile taarifa kuficha kazi yao.

Wanaosema "bora pointi imefika," niambieni: ilifika wapi?

Kuyatafuta maneno haya ni rahisi, ila Kiswahili kina mtego. Ukiandika insha kwenye kompyuta na kubonyeza Ctrl+F kisha "wengi," utakosa mengi, nyingi na vingi, kwa sababu neno linabadilika na ngeli. Tafuta "ngi." Itakuletea pia "kuingia," "mwingine" na "shilingi," utazipita. Halafu tafuta "mambo," "vitu," "baadhi," "fulani." Kila unapoipata, uliza wangapi, nani, gani.

Kuna hatari upande wa pili. Mtu akiambiwa aondoe "wengi," huokota nambari yoyote na kuipachika. Afadhali "wengi" ya kweli kuliko nambari ya kubuni. Waulize watu wangapi wa Mau Mau waliuawa katika miaka ya hali ya hatari: hesabu rasmi ya serikali ya kikoloni ilikuwa takriban 11,000, na wapo watafiti wanaosema ni zaidi ya hapo kwa mbali. Hapo unaandika nambari pamoja na mwenye nambari. Ukiandika 11,000 bila kusema ni ya nani, umegeuka msemaji wa gavana bila mshahara.

Jumamosi tulikaa mezani, chai ikapoa, tukaiandika upya. Ikawa hivi:

"Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa zaidi ya 80 wa kambi ya Hola walitolewa kwenda kuchimba katika mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Walipokataa kufanya kazi, askari waliwapiga kwa marungu. Wafungwa 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la kubebea maji. Haikusema kwamba kabla ya hapo walikuwa wamepigwa. Uchunguzi wa hakimu ulionyesha kwamba waliuawa na kipigo."

Imerefuka, ndiyo. Aliuliza kama "walikuwa wamepigwa" si vitenzi viwili vinavyogombana, mwalimu asije akavizungushia duara tena. Nikamweleza kwamba hapo ndipo saa ya insha yote ilipo: kinasema lipi lilitangulia lipi, yaani lile lililorukwa na taarifa. Akanyamaza, akanywa chai baridi, kisha akauliza, "Hao 11, walikuwa wanaitwa nani?"

Sikuwa na majina kichwani. Tulifungua simu tukaanza kutafuta.