Kazi Imefaulu, Data Haijafika

Wanaosema dashibodi inayovuta data kwa ratiba haihitaji ulinzi wana hoja nne, na kila aliyekaa na mafundi wa data amezisikia. Nitazipima kwa mfano halisi: takwimu za hospitali za Uviko-19 ambazo Santé publique France ilianza kuziweka kwenye lango la data la taifa, data.gouv.fr, Machi 2020. Faili lilitolewa kila jioni, na jina lake lilibeba tarehe na saa, kwa mtindo huu: donnees-hospitalieres-covid19-2020-04-01-19h00.csv. Aliyenakili kiungo cha faili la leo, kesho alikuwa ameshika cha zamani.

Hoja ya kwanza: cron imemaliza kazi bila kosa, kwa hiyo data imefika. Ni kweli kwamba kosa la mtandao huonekana hapo. Lakini curl isipoambiwa vinginevyo hulipokea jibu la 404 kama jibu lolote lile. Huchukua ukurasa wa kosa, huuandika ndani ya faili lenye jina la .csv, kisha hutoa msimbo 0, yaani salama. Ukilifungua faili hilo, mstari wa kwanza uliopaswa kuwa na dep, sexe, jour, hosp, rea, rad na dc una `<!DOCTYPE html>`. Kinachoifanya curl ikatae ni -f, nayo hapo hutoa msimbo 22.

Hoja ya pili: kiungo kikifa, grafu itakuwa tupu na tutajua. Hapa wanajipinga wenyewe, kwa sababu watu hao hao huipanga dashibodi ibaki na nakala ya mwisho iliyo nzima kila uvutaji unaposhindwa, ili mtazamaji asikute ukurasa mtupu. Hawawezi kuficha dalili, kisha wakaitegemea dalili hiyo hiyo iwaamshe. Tena, kiungo cha zamani huenda kisife. Faili la Aprili 1 likibaki kwenye seva, litaitika kwa 200, likiwa na vichwa sahihi na takwimu sahihi za siku lilipotolewa. Aprili 10 dashibodi itaandika "imesasishwa leo", kwa kuwa inahesabu saa ya kuvuta, huku tarehe kubwa kuliko zote kwenye safu ya jour ikiwa bado Aprili 1. Hakuna kosa lolote la kuripotiwa. Ushahidi pekee umo ndani ya data, na kuupata ni kazi nyepesi: soma safu hiyo, chukua tarehe ya mwisho, ilinganishe na leo. Kwa data ya kila siku, pengo la siku 2 latosha kupiga kengele. Kwa data ya kila mwaka kipimo hicho kingelia bure.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu: tumia kiungo cha kudumu. data.gouv.fr inacho, nacho hushika kitambulisho cha rasilimali badala ya jina la faili:

```
curl -fsSL -o mpya.csv \
 https://www.data.gouv.fr/fr/datasets/r/63352e38-d353-4b54-bfd1-f1b3ee1cabd7
```

Nakubali kwamba ni bora kuliko kiungo cha faili. Lakini kiungo hiki huelekeza kwingine, kwa hiyo bila -L curl haikifuati, na -f haitalalamika kwa kuwa kuelekezwa kwingine si kosa. Pia hudumu kadiri mchapishaji anavyobadilisha faili ndani ya rasilimali ile ile. Akiunda rasilimali mpya, kitambulisho ni kipya, na cha kwako kitabaki kwenye faili lililoachwa. Lango lenyewe nalo laweza kuhama: la Kenya lilizinduliwa Julai 2011 juu ya mfumo wa Socrata, kisha likahamia ArcGIS, na anwani za mfumo mmoja si za mwingine. Ndiyo maana kabla ya kuvuta faili inafaa kuiuliza API ya seti hiyo orodha ya rasilimali zake, kisha kulinganisha id, url na last_modified na ulizohifadhi mara ya mwisho. Kitambulisho kipya kikitokea au cha zamani kikitoweka, mtu apelekewe ujumbe aamue mwenyewe. Programu isichague faili kwa kukisia jina.

Hoja ya nne, kwamba ni wajibu wa lango kututangazia, ni ya haki. Haimzuii msomaji wa leo kuona takwimu za wiki iliyopita.

Kwa hiyo hukumu iko wazi: dashibodi inayoonyesha saa ya kuvuta bila tarehe ya data yenyewe isiaminiwe. Wewe unayeisimamia, andika leo tarehe ya mwisho ya data karibu na kila grafu.