Barua kwa mtoto aliye Kampala

Mwenzetu mmoja wa hapa Nyabiondo alimwandikia kijana wake aliye Kampala: "Nitumie dola 200 nianze kushona." Kijana akajibu: "Nitaona, mama." Sisi tunajua maana ya "nitaona". Haogopi kusaidia, anaogopa pesa iingie tena katika unga na dawa. Basi tulikaa tukaandika upya. Ameniruhusu kuiweka hapa bila jina lake.

"Baba yangu, salamu nyingi. Sisi ni wazima. Unajua nashona kwa mashini ya kuazima, na mwenyewe anaihitaji kila siku ya soko. Nataka yangu, ya kukanyaga kwa mguu, maana umeme hatuna. Huko Goma nimeambiwa iliyotumika, pamoja na meza yake, ni dola 130. Gari mpaka hapa 15. Makasi, pasi ya makaa, sindano na nyuzi 25. Jumla 170. Mimi nina 50 za akiba ya kikundi. Zinakosa 120.

Kitambaa sinunui, kila mteja analeta chake. Wazazi 12 wameniomba sare za watoto, shati nyeupe na bluu ya chini, kabla masomo hayajafunguliwa Septemba. Kazi ya mkono ni dola 3 kwa sare, zote 36. Sikudanganyi: Oktoba na Novemba kazi inapungua. Inarudi kwa Noeli, kisha vitenge vya 8 Machi. Kuanzia Januari, ada ya dada yako nitalipa mimi.

Hizo 120 usinitumie mimi. Mtumie mjomba wako Goma, nitamwongezea 10, aende kununua pamoja na fundi."

Hapo kwa fundi ninasisitiza, kwa sababu mashini iliyopakwa rangi mpya inadanganya macho. Zungusha gurudumu kwa mkono: liende laini, bila kukwama. Kisha kunja kitenge mara mbili, ushone urefu wa shubiri, ugeuze. Mshono wa chini ufanane na wa juu. Ukiona vitanzi chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea, na skrubu yake inakazwa tu. Lakini ikiruka mishono hata ukiweka sindano mpya, namba 14 kwa kitenge, huenda ndoano ya chini imelika. Hiyo muiache dukani, hata wakipunguza bei.

Siku ya tatu kijana alipiga simu. Kuhusu zile 120 hakusema kitu. Aliuliza: "Mama, hao wazazi 12 wanalipa lini?"

Mama akamjibu: "Nusu wakileta kitambaa, nusu wakichukua nguo. Asiyemaliza, sare inabaki kwangu."

"Basi nipe namba ya mjomba."