Maneno ya Mhubiri Yasivishwe Joho la Andiko

Hapa Kigobe trakti za dini hutufikia kwa Kifaransa, nasi wanafunzi wa Kiswahili huombwa tuzitafsiri ili zisomwe hata Buyenzi na Bwiza. Ninachopinga ni desturi ya wenzangu wengi ya kuutafsiri ukurasa wote kwa mkupuo mmoja, andiko pamoja na maelezo, kana kwamba aliyesema yote ni mtu mmoja. Ukiwauliza, hujibu: “Mhubiri hakusema uongo, msomaji ataelewa.” Mimi nasema msomaji hawezi kuelewa kitu alichofichwa.

Chukua ukurasa mmoja niliopewa niupitie kabla haujachapwa. Ulihusu 1 Wakorintho 13, na aya zake zilitolewa katika Biblia ya Kifaransa ya Segond ya mwaka 1910. Pale ambapo Biblia yetu ya Kiswahili ya Union, ya mwaka 1952, inasema “upendo”, Segond anatumia neno linalotamkwa “sharite”. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya upendo wa Kikristo, lakini Mfaransa wa leo akilisikia hufikiria kwanza kumsaidia maskini kwa mali. Mhubiri alijenga somo lake juu ya maana hiyo ya leo: asiye na sharite si kitu, basi leteni matoleo.

Mtafsiri alipofika hapo alikwama. Akiandika “upendo”, maelezo ya mhubiri hayashikamani tena na aya. Kwa hiyo akaandika “sadaka” ndani ya aya yenyewe, kisha akaunganisha hivi: Paulo anasema kwamba bila sadaka mtu si kitu, na kwamba tulete matoleo. Tazama kazi ya hilo “na kwamba” la pili. Katika Kifaransa alama za kunukuu zilikuwa zimefungwa kabla ya matoleo kutajwa. Katika Kiswahili, matoleo yamekuwa amri ya Paulo.

Tena Paulo mwenyewe anaikataa tafsiri hiyo. Katika aya ya 3 anaeleza kuwa mtu anaweza kugawa mali yake yote na bado akakosa upendo, na asipate faida yoyote. Ukiweka “sadaka” mahali pa “upendo”, aya hiyo inakuwa upuuzi: mtu ametoa vyote, lakini hana sadaka! Mama anayeuza ndagala sokoni, akisomewa ukurasa huo, atatoa fedha ya karo ya mtoto akiamini ametii mtume, kumbe ametii mhubiri. Mhubiri ana haki ya kuomba matoleo, lakini aombe kwa jina lake.

Wengine watasema nakuza jambo dogo. Wakumbuke 1 Yohana 5:7-8. Maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni hayamo katika nakala za kale za Kigiriki; wataalamu wengi wanaona yalianza kama maelezo katika Kilatini, kisha yakaingia katika aya. Erasmo hakuyaweka katika chapa zake za Agano Jipya za 1516 na 1519, akalaumiwa, na mwaka 1522 akayaingiza. Baadaye Biblia nyingi ziliyabeba kwa karne kadhaa. Maelezo yakishaingia katika andiko, kuyatoa ni kazi ya vizazi.

Basi tufanyeje? Kabla ya kutafsiri, pigia mstari mwekundu maneno ya andiko na wa buluu maneno ya mhubiri. Yale mekundu usiyatafsiri kabisa. Yachukue katika Biblia ya Kiswahili ambayo wasomaji wanayo, na utaje kitabu, sura, aya na chapa. Yape aya yake peke yake, kwa sababu herufi za mlalo hupotea ukurasa unaponakiliwa au kutumwa kwa simu. Kisha tafsiri yale ya buluu, ukiyaanza kwa jina la msemaji: “Mhubiri anaeleza.” Somo likitegemea neno la Kifaransa, kama hili la sharite, liseme wazi: “Biblia ya Kifaransa inatumia neno ambalo leo lina maana ya msaada pia.” Somo likidhoofika kwa sababu hiyo, si kazi ya mtafsiri kulitegemeza.

Mwisho, msomee mtu kwa sauti bila kumwonyesha karatasi, maana trakti nyingi husomwa hivyo nyumbani, na alama za kunukuu hazisikiki. Ainue mkono kila anapoona andiko limekwisha. Akichelewa, tafsiri yako haijawa tayari.

Mtaa wetu una jumba ambamo Bunge limekutana kwa miaka mingi. Hakuna mbunge atakayekubali maneno ya mwenzake yaandikwe chini ya jina lake. Mtume Paulo hawezi kuja Kigobe kulalamika. Ndiyo maana mtafsiri anapaswa kumlindia maneno yake.