Karata zimejirudia? Uliza kwanza nani alizichanga

Kaa na wachezaji wa poka pale stejini Londiani wakisubiri matatu ya Kericho ijae, na hutakosa kusikia hii: “Bana, hizi karata zimekuja vile zilikuja jana!” Mwingine atasema mgawaji ana mkono mbaya. Mimi nasema hivi: kama zilichangwa vizuri, haziwezi kujirudia. Zikijirudia, mchangaji ndiye wa kuulizwa.

Hebu tuhesabu. Chukua karata tatu tu. Ya kwanza unaweza kuichagua kwa njia tatu, ya pili kwa njia mbili, na ya mwisho haina mjadala. Tatu mara mbili mara moja: mipango 6. Ukiongeza ya nne unapata 24, ya tano 120. Ukifika karata kumi, mipango ni 3,628,800.

Sasa weka zile za joka kando ubaki na 52. Ukizidisha 52 mara 51 mara 50 hadi moja, unapata nambari yenye tarakimu 68, inayoanza na 8. Tuseme watu wote bilioni nane duniani wangechanga fungu moja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Uwezekano wa mafungu mawili yoyote kati ya hayo yote kufanana ungekuwa chini ya moja kwa trilioni kumi. Sasa wewe unaniambia ya jana na ya leo?

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama mpangilio wa zamani umevunjwa kabisa, na hapo ndipo wasee wengi wanateleza. Kwenye poka, kila karata inayotupwa lazima ifuate ua au nambari ya ile iliyo chini yake. Kwa hivyo mchezo ukiisha, rundo unalookota limejaa kopa zilizofuatana na saba zilizobebana. Mgawaji akizichota kwa mafungu mara tatu nne, majirani hao wanahama pamoja. Ndiyo maana unapewa kopa tatu kwa mpigo halafu unasema umerogwa.

Mwaka 1992, wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba ukigawa fungu katikati na kuziachilia nusu mbili ziingiane kwa vidole gumba, unahitaji takriban mara saba. Kwa ule mtindo wa kuchota mafungu, unahitaji maelfu ya michoto.

Unataka kumjua mchangaji mvivu? Kabla ya kugawa, mwambie azifunue zote mezani. Ukiona misururu mirefu ya ua moja, au nambari zilizobebana kila mahali, zirudishe mkononi mwake. Uchawi hauhusiki hapo. Achange tena, na msihesabu chini ya saba.