Usiwaite Wakimbizi, Hawakuvuka Mpaka

Kuna neno moja linanikera kila nikiskiza habari: "wakimbizi wa ndani." Huku Kabazi kila mtu analitumia, kuanzia kwa stage hadi kwa mikutano ya chifu. Naelewa limetoka wapi. Mtu amekimbia, basi ni mkimbizi, si ndio? Kwa Kiswahili cha kawaida, sawa. Kwa sheria, hapana, na hiyo tofauti imewagharimu watu wetu sana.

Chukua Januari 2008, baada ya ule uchaguzi. Zaidi ya watu 600,000 walifurushwa makwao, wengi wao hapa Bonde la Ufa. Sasa fikiria ndugu wawili ambao nyumba yao imechomwa usiku mmoja. Wa kwanza anakimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Wa pili anavuka kuingia Uganda pamoja na Wakenya wengine wapatao 12,000, halafu anapelekwa makazi ya Kiryandongo. Moto ni ule ule na hofu ni ile ile. Lakini yule wa Kiryandongo ni mkimbizi kisheria, na wa Nakuru siye.

Sababu ni mpaka. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema lazima uwe nje ya nchi yako. Ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza vita na vurugu kama sababu za kukimbia, lakini bado lazima uwe umetoka. Sheria ya wakimbizi ni ya mtu ambaye amepoteza ulinzi wa serikali yake, kwa hivyo nchi nyingine inamshikilia. Yule wa Nakuru bado ana serikali, na ndiyo inayomdaiwa. Nchi za nje haziwezi kuingia tu na kumlinda bila ruhusa ya Nairobi.

Ndiyo maana neno hili linaniudhi. Mkimbizi ni mgeni, anapewa msaada na kuambiwa ashukuru. Aliyefurushwa ndani ya nchi yake ni raia mwenye haki zote: kura, shamba, shule, kitambulisho. Ukimwita mkimbizi, unaanza kumwona kama mtu anayeomba, na yeye anadai.

Na sheria ya kudai nayo iko. Desemba 2006, hapa hapa Nairobi, viongozi wa nchi za Maziwa Makuu walitia saini mkataba wa usalama wenye itifaki nzima kuhusu watu waliofurushwa ndani ya nchi zao. Mwaka mmoja tu kabla ya moto! Itifaki hiyo inazitaka nchi zigeuze Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuwa sheria za nyumbani. Kenya ilifanya hivyo mwisho wa 2012, ikapitisha sheria yake. Kuna pia Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa 2009, wenye nguvu zaidi, lakini Kenya haikuwa kati ya nchi zilizoutia saini siku ile Kampala.

Hizi karatasi zinasaidia nini? Tuseme kitambulisho chako kiliungua na nyumba, na sasa umepanga chumba mjini Nakuru. Unaenda kuomba kingine, unaambiwa, "Rudi kwenu, chifu wa huko akuandikie barua." Kwenu ndiko ulikofukuzwa na mapanga! Kanuni za 1998 zinakataza sharti hilo waziwazi: serikali ikupe stakabadhi zako bila kukulazimisha urudi ulikotoka. Msee anayejua hivyo haongei na karani kwa sauti ya kuomba.

Pia hakuna mahali sheria inasema lazima ulale kwa hema. Lakini mwaka 2008 macho yote yalikuwa kambini. Waliobanana kwa shangazi au kupanga mtaani walisahaulika wakati wa kugawa pesa za kuanza maisha upya, kwa sababu hawakuonekana.

Halafu si vita pekee. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai, jirani yetu, Mei 9, 2018, zaidi ya watu 40 walikufa na mamia wakabaki bila nyumba. Hakuna aliyewafukuza kwa kabila wala siasa, hivyo hata wangevuka mpaka ingekuwa ngumu kuitwa wakimbizi. Lakini Kanuni za 1998 zinataja majanga, ya asili na ya kusababishwa na binadamu. Wale wa Solai wako ndani kabisa.

Maoni yangu ni haya: vyombo vya habari viache "wakimbizi wa ndani," viseme "raia waliofurushwa." Na serikali ihesabu kila aliyefurushwa, awe kwa hema au kwa sebule ya shangazi. Usipohesabiwa leo, kesho wataambia watoto wako kwamba hamkuwahi kufukuzwa.