Umelipa nauli, lakini je, siti ni yako?

Tangazo linafika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji likiwa limeandikwa hivi: Ifakara kwenda Dar, kila siku, saa 12 asubuhi, siti mbili kwa mbili, chaji ya simu ndani, tuma nauli kwenye namba hii kisha utume jina. Matangazo ya aina hii ni mengi siku hizi bondeni kwetu, na yamewaokoa wengi. Mtu wa Mlimba hahitaji tena kufika Ifakara siku moja kabla ili tu akakate tiketi. Lakini malalamiko tunayopokea hapa redioni yanafanana sana: abiria anafika stendi na meseji ya malipo mkononi, anakuta mtu mwingine ameketi kwenye siti yake, na mtu huyo naye ana tiketi halali.

Tuanze na hapo, kwa sababu si kila mara huwa ni utapeli. Mara nyingi ni madaftari mawili yasiyosomana.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inawataka wenye mabasi ya mikoani kutumia tiketi za kielektroniki. Maana yake ni kwamba siti za basi ziko kwenye mfumo mmoja, na wakala wa Ifakara, wa Ruaha na wa Msamvu wanaona picha moja. Siti ikiuzwa Msamvu, Ifakara inaonekana imejaa. Shida inaanza pale wakala anapopokea fedha kwenye simu yake, akaandika jina lako kwa kalamu kwenye daftari, akisema ataingiza kwenye mfumo baadaye. Mpaka aingize, mfumo unajua siti hiyo iko wazi, na mtu yeyote aliye mbali anaweza kuinunua kihalali. Huyo ndiye unayemkuta ameketi.

Chukua mfano wa mama anayetoka Mlimba, ana miadi ya kliniki Muhimbili siku ya Jumatano. Anataka kuondoka Ifakara Jumanne asubuhi. Jumapili jioni anatuma nauli kwa wakala. Simu yake inapokea meseji ya mtandao ikisema fedha zimepokelewa na fulani, pamoja na namba ya muamala. Anaridhika, anapanga nguo. Sasa tazama alichonacho. Meseji ile inathibitisha kwamba fedha zimetoka kwake zikaenda kwa mtu fulani. Haitaji basi, haitaji tarehe ya safari wala siti. Kwa konda, ile si tiketi.

Tiketi ni ujumbe wa pili. Unatoka kwenye mfumo wa kampuni ya basi, na ndani yake mama huyu anapaswa kuona jina lake, jina la kampuni, mahali pa kupandia na pa kushukia, tarehe, saa, namba ya siti, nauli aliyolipa na namba ya tiketi. Ikiwa ujumbe huo haujafika ndani ya muda mfupi, asisubiri Jumanne. Apige simu Jumapili hiyohiyo na aombe namba ya tiketi. Wakala aliyekwisha kuikata ataisoma papo hapo. Anayejibu “wewe njoo tu, siti yako ipo” bado ameiweka kwenye daftari.

Wanaokata wenyewe kwa simu wana mtego wao mwingine. Ukichagua siti, mfumo unakushikia kwa dakika chache tu ili ulipe. Ukienda kutafuta salio kwa jirani, muda ukaisha, siti inarudi sokoni. Basi usifungue ukurasa wa siti kabla fedha haijakaa kwenye simu yako.

Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye kioo. Unapotumia Lipa Namba, linatokea jina la biashara. Unapotuma kwa namba ya kawaida, linatokea jina la mtu aliyeisajili. Tangazo la kampuni ya basi linaloleta jina la mtu binafsi usiyemfahamu ni sababu ya kusimama na kupiga simu ofisini kwao kwanza. Ukishatuma na ukagundua umeibiwa, piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, saa ileile. Fedha ambayo mpokeaji hajaitoa inaweza kuzuiwa. Iliyokwisha kutolewa kuipata ni kazi nyingine. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Saa nazo zinawaumiza watu, hasa tangu mabasi yaruhusiwe kutembea saa 24 mwezi Oktoba 2023. Tangazo linaandikwa kwa saa zetu, lakini tiketi inaandikwa kwa saa za kizungu. Ukiona 06:00 ni saa 12 asubuhi. Ukiona 18:00 ni saa 12 jioni. Penye AM ni usiku wa manane hadi asubuhi, penye PM ni mchana hadi usiku. Balaa kubwa zaidi liko kwenye tarehe. Tiketi ya tarehe 15 saa 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku ule ambao sisi bado tunauita usiku wa tarehe 14. Anayekwenda stendi jioni ya tarehe 15 basi lake limeshafika zamani.

Kuhusu siti, neno “luksheri” kwenye tangazo halina uzito. Uliza mpangilio. Siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili kwa kawaida ni basi la daraja la kawaida, na nauli yake ya juu ya LATRA iliyoanza kutumika Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Daraja la kati ilikuwa shilingi 67.84. Kwa kila kilomita 100 tofauti hiyo ilikaribia shilingi 2,000, hivyo usilipie daraja la kati ukaketi siti tatu. Na kwa anayeondoka Ifakara asubuhi: mpaka Mikumi basi linaelekea kaskazini, jua linapiga upande wa dereva. Mwenye mgonjwa achague upande wa kushoto, mbele ya tairi za nyuma.

Mzigo ndio unaoleta ugomvi mlangoni mwa basi, kwa sababu huku kwetu hakuna anayekwenda Dar bila mchele. Soma masharti kwenye tiketi. Mara nyingi utakuta kilo 20 ndizo za bure. Kiroba cha kilo 25 pamoja na begi vimeshavuka, na gunia ni mzigo wa kulipia kabisa. Malipo hayo yakubaliane kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na yawe na risiti yake, si nyongeza ya mdomo. Mzigo usio na risiti ukipotea Msamvu, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliwahi kupakiwa.

Yule mama wa Mlimba, akikuta siti yake ina mtu ilhali tiketi yake ya mfumo anayo, asishuke. Aonyeshe tiketi kwa konda, na konda akishindwa, apige namba ya bure ya LATRA akitaja namba ya usajili ya basi na namba ya tiketi. Kama ana meseji ya malipo peke yake, ugomvi wake ni na wakala, na basi litaondoka wakati bado anamtafuta.