Kodi Iliyobaki

Mwezi huu tunawaletea hadithi ya muuguzi mmoja kijana aliyepanga nyumba kwa mara ya kwanza katika maisha yake, huko Ngumbo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Wale waliotoka zamani watakumbuka kwamba Ngumbo ilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa. Huyu binti alikuwa ametoka kwa wazazi akaingia bweni la chuo, na kutoka bwenini akaja moja kwa moja kazini kwetu, akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Mume wake alikuwa bado masomoni Songea.

Alipata vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, vimeezekwa kwa bati. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa pale pale ufukoni aliyehamia Mbinga mjini kwa mwanawe, kwenye kahawa. Walipatana kwa mdomo: shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, nusu ilipwe kwanza na nusu ya pili baada ya miezi sita. Binti akatoa 150,000 mwezi wa Oktoba, akaandikiwa risiti kwenye karatasi ya daftari. Juu ya nani atengeneze kitu kikiharibika halikusemwa neno. Nani angefikiria, na jua linawaka namna ile?

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja Desemba, usiku. Asubuhi alifika kazini macho mekundu. Godoro lilikuwa limelowa upande wa mtoto, na alikuwa amekesha akihamisha beseni na sufuria kufuata matone. Usiku wa pili ikawa hivyo hivyo, na mtoto akaanza kukohoa. Tulimwambia amwarifu mwenye nyumba. Akasema tayari ameandika ujumbe wa simu, tena wa heshima sana. Basi tukaridhika, kumbe tungeomba kuusoma.

Siku mbili mzee hakujibu. Siku ya tatu jibu likaja: "Nimekuelewa. Mwanangu atakuja Jumamosi kuchukua ufunguo. Fedha kwa sasa sina, utavumilia mpaka nivune."

Binti alituletea simu huku analia. "Mama, nimemkosea nini? Nimemwambia nyumba inavuja, ananifukuza! Na mwezi huu nimpeleke wapi mtoto?" Nyumba za kupanga Ngumbo si nyingi, na za bati zilizo karibu na kazi ni chache zaidi. Ilikuwa Alhamisi.

Tukamwambia atuonyeshe ule ujumbe wake. Ulisema hivi: "Shikamoo Baba. Habari za huko Mbinga? Samahani sana kukusumbua. Mvua imeanza huku na kwa kweli naona siwezi kuendelea namna hii. Naomba kwa heshima, kama haitakukwaza, tuzungumze juu ya kodi iliyobaki. Nisamehe Baba. Ni mimi mpangaji wako."

Tuliusoma mara mbili. Adabu ilikuwa tele, lakini paa halikutajwa. Kuvuja halikutajwa. Yeye aliona aibu kumwambia mtu mzima kwamba nyumba yake ni mbovu, akadhani neno mvua litatosha. Tukamwuliza, hii kodi iliyobaki ni ipi? Akasema ni ile nusu ya pili ambayo bado hajalipa. Alitaka kununua bati mwenyewe, kisha gharama yake ikatwe humo.

Sasa jiweke mahali pa mzee. Amepokea kodi ya miezi sita, na mpangaji amekaa miwili na siku chache. Anaambiwa "siwezi kuendelea," kisha "tuzungumze juu ya kodi iliyobaki." Kwake yeye iliyobaki ni ile ya miezi ambayo binti hajaikalia, yaani kama 100,000, na fedha ile alikwisha inunulia mbolea ya kahawa. Alielewa kwamba binti anahama na anadai arudishiwe. Kwa hiyo akajibu kama mtu mwungwana anayedaiwa: chukua muda, nitakulipa. Ufunguo aliuomba kwa sababu mtu anayehama huacha ufunguo.

Binti alitaka kuandika ujumbe mwingine wa kuomba radhi. Tulimkataza. Maneno yakishapotoka kwenye maandishi, ni heri sauti isikike, na tena tulishuku kwamba mzee hausomi ujumbe yeye mwenyewe bali husomewa na wajukuu. Tulipiga simu jioni ile. Akapokea mkewe.

"Shikamoo Mama," binti akasema, na kabla hajaanza tena samahani zake tukamgusa bega. Akasema, "Mama, mimi sihami. Paa linavuja juu ya kitanda cha mtoto."

Kule kukawa kimya, kisha tukasikia mama yule akiita kwa sauti, "Baba we! Mtoto hahami! Ni bati!" Mzee akaja kwenye simu. "Mwanangu, mbona hukusema bati? Mimi tangu Jumanne silali nawaza nitaitoa wapi laki moja." Akacheka mpaka akakohoa.

Akaeleza jambo ambalo binti asingeweza kulijua. Miezi ya kiangazi upepo wa mwera huvuma kutoka kusini na kutikisa mabati mpaka misumari inalegea, na kwa kuwa mvua hakuna, mtu haoni kitu hadi Desemba. Tena akasema yapo mabati mawili mazima aliyoyahifadhi kwa jirani, yasinunuliwe mengine. Mwanawe angekuja Jumamosi vile vile, ila safari hii na fundi.

Fundi alifunga mlango na dirisha mchana, akatazama juu gizani mahali nuru inapopenya. Tundu hazikuwa juu ya kitanda hata kidogo. Zilikuwa hatua mbili juu zaidi, upande wa kipaa, na maji yalikuwa yakitambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka. Bati moja lilikuwa limeoza kwa kutu likabadilishwa. Mengine yalihitaji misumari tu, ile yenye kofia na mpira, ikapigiliwa juu ya mgongo wa bati na siyo bondeni ambamo maji hupita. Misumari ilikuwa shilingi 4,000 na fundi 16,000. Binti alizitoa yeye, kwa kibali cha mzee, na zikakubaliwa kukatwa katika kodi ya mwezi wa saba.

Mara hii waliandika. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa mkekani na daftari, yakaandikwa mapatano ya mwanzo, nusu iliyolipwa na tarehe yake, nusu isiyolipwa bado na tarehe yake, paa na kuta ni juu ya mwenye nyumba, kitasa na vioo ni juu ya mpangaji. Mwenyekiti alipotaka kuandika "kodi iliyobaki," wote wawili walipiga kelele pamoja.

Mwezi wa Aprili binti alipeleka kodi ya miezi sita ya pili kwa simu, 130,000 badala ya 150,000, na ujumbe huu, ambao tuliombwa kuukagua kabla haujaondoka: "Shikamoo Baba. Nimetuma 130,000, kodi ya Aprili hadi Septemba. Nimekata 20,000 ya fundi na misumari kama tulivyoandika. Nyumba haivuji. Mtoto mzima."

Samahani haikuwamo hata moja. Mzee alijibu baada ya dakika chache, bila shaka kwa mkono wa mjukuu: "Nimepata. Usipa wamefika bei gani huko?"